Wasiwasi wa mwisho wa mwezi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mfano. Kimepangwa kwa kufuata namna visa vya aina hii vinavyojitokeza kliniki, na tarehe pamoja na alama zake zimewekwa ili msomaji aweze kufuata hesabu mwenyewe.

Mhusika ni dada wa miaka 31, mhasibu msaidizi wa SACCOS moja mjini Tanga, mama wa mtoto mmoja. Hatumii sindano, vidonge wala kijiti cha uzazi wa mpango. Mwanzoni mwa Januari alipewa kazi ya kufunga hesabu za mwezi. Mwishoni mwa Januari alianza kushtuka usiku moyo ukimwenda mbio, na mchana alijikuta akihesabu bunda moja la noti za elfu kumi mara tatu, kisha akirudi kulihesabu tena ingawa hesabu ilikuwa imetimia. Hali ikatulia. Mwishoni mwa Februari ikarudi, kali zaidi. Alikwenda zahanati, presha ikapimwa ikawa 118/76, mapigo ya moyo 104 kwa dakika, akaambiwa ni uchovu wa kazi na apumzike. Jirani akamgawia vidonge viwili vya diazepamu, dawa ya kutuliza.

Maelezo ya uchovu wa kazi yalikuwa na mantiki. Kazi mpya imeanza Januari, wasiwasi umeanza Januari, na mara zote mbili umekuja siku za kufunga vitabu. Mwenyewe alikuwa ameshaamua kuandika barua ya kuomba arudishwe dirishani kuhudumia wateja. Alipofika kliniki mwanzoni mwa Machi, nesi alimuuliza swali ambalo zahanati hawakuuliza: hedhi ya mwisho ilianza lini, na ya kabla yake? Akatazama simu. Tarehe 2 Machi, na kabla ya hapo 4 Februari. Hedhi zote mbili zilikuwa zimeingia siku chache tu baada ya mwisho wa mwezi.

Hapo palikuwa na washukiwa wawili waliosimama mahali pamoja. Huwezi kuwatenganisha kwa kumhoji mtu, kwa sababu kumbukumbu hupanga mambo kufuata maelezo ambayo mtu ameshayaamini. Anayeamini kazi ndiyo inayomsumbua atakumbuka siku mbaya za kazi, na anayeamini ni hedhi atakumbuka siku mbaya za kabla ya hedhi. Ndiyo maana mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la 2013, unataka tatizo kali la hisia la kabla ya hedhi lithibitishwe kwa rekodi ya kila siku ya angalau mizunguko miwili yenye dalili, si kwa masimulizi.

Katika kisa hiki kulikuwa na bahati moja. Mzunguko wa dada huyu ni wa siku 26 hivi, na mwezi wa kalenda una siku 30 au 31. Kila mwezi hedhi yake inatangulia kwa siku nne au tano. Ukisubiri miezi miwili tu, hedhi na kufunga hesabu vinaachana vyenyewe, na unaona wasiwasi umefuata upande gani. Mwenye mzunguko wa siku 30 au 31 hana bahati hiyo, na kwake itabidi kazi ndiyo isogezwe, kwa mfano mwenzake afunge hesabu mwezi mmoja.

Alipewa kazi ya kujaza daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la hesabu, lenye vimraba. Siku zinakwenda kwa upana, kimraba kimoja kwa siku moja, na kwa urefu kuna mistari sita: wasiwasi, kukasirika, huzuni, usingizi, umakini, na mwili, yaani matiti kuuma na tumbo kujaa. Kila mstari unapewa alama ya 1 hadi 6. Moja ni hakuna kabisa, 2 ni kwa mbali sana, 3 kidogo, 4 wastani, 5 sana, 6 kupita kiasi. Chini kabisa kuna mstari wa saba wa maelezo mafupi: damu, dawa yoyote iliyomezwa, vikombe vya kahawa, na jambo lolote kubwa la siku hiyo, kama msiba, mtoto kuumwa au kufunga hesabu.

Alama hujazwa usiku kabla ya kulala, kwa siku hiyo tu. Asubuhi haifai, kwa sababu anayeamka vibaya huihukumu jana kwa hali ya leo. Pia aliombwa asifungue programu ya simu inayotabiri hedhi kabla ya kuandika alama. Nyingi zinaanza na makadirio ya mzunguko wa siku 28, na zikishaandika kwamba leo ni siku ya dalili za kabla ya hedhi, mtu anaanza kujikagua na kuzipata. Programu ni nzuri kwa kutunza tarehe za damu. Kwa alama za hisia, kalamu na vimraba havimshawishi mtu kama programu inavyomshawishi.

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile damu inapotoka kiasi cha kuhitaji pedi. Matone yanayotangulia huwekewa nukta tu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ukihesabu matone kuwa siku ya kwanza, siku mbili mbaya kuliko zote zinahamia upande wa baada ya hedhi kuanza na kuharibu ulinganisho wote.

Wakati daftari linajazwa, daktari aliagiza vipimo vitatu: wingi wa damu, homoni ya tezi ya shingo, na ujauzito. Upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi vyote hufanya moyo uende mbio, na mgonjwa akauita wasiwasi. Vyote vilirudi sawa. Hakuagiza kupima estrojeni na projesteroni, na alieleza sababu, kwa kuwa wengi huzilipia bure. Wanawake wenye tatizo hili kwa kawaida wana homoni za kiwango kilekile cha wengine. Tofauti iko kwenye namna ubongo unavyoitikia kupanda na kushuka kwake. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walionyesha hilo kwa njia ya moja kwa moja. Walizima kazi ya ovari kwa dawa, dalili zikapungua kwa wanawake wengi wenye tatizo. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo walipewa homoni zilezile na hawakupata lolote.

Sasa tuje kwenye daftari. Hedhi zilianza tarehe 28 Machi, 24 Aprili, 20 Mei na 14 Juni. Mizunguko ilikuwa ya siku 26, 27, 26 na 25.

Ulinganisho unafanywa kati ya vipande viwili vya siku saba. Cha kwanza ni siku saba za mwisho kabla ya damu, zinazohesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya hedhi. Cha pili ni siku ya 4 hadi ya 10 ya mzunguko unaofuata. Kuhesabu kurudi nyuma kuna maana yake: sehemu ya baada ya yai kutoka hukaribia siku 14 kwa wanawake wengi, na sehemu ya kabla yake ndiyo inayorefuka au kufupika zaidi. Ukihesabu kwenda mbele na kusema siku ya 21 ndiyo ya kuangalia, kwa mwenye mzunguko wa siku 26 umeshachelewa, na kwa mwenye wa siku 34 umewahi mno.

Mstari wa wasiwasi kwa siku saba kabla ya hedhi ya Machi, yaani tarehe 21 hadi 27, ulisomeka 3, 4, 4, 5, 5, 6, 5. Jumla ni 32, wastani 4.6. Kuanzia 31 Machi hadi 6 Aprili ulisomeka 3, 2, 1, 1, 2, 1, 1. Jumla 11, wastani 1.6. Tofauti ni pointi 3.0. Kwa kuwa kipimo kinaanzia 1 na kuishia 6, upana wake ni pointi 5, hivyo tofauti ni asilimia 60 ya upana huo. Kigezo kinachotumiwa na watafiti ni angalau asilimia 30, na pia kwamba siku za baada ya hedhi dalili ziwe hazizidi 3.

Tazama ile 3 ya tarehe 31 Machi. Ni siku ya kufunga hesabu, ya nne ya mzunguko. Kwenye maelezo aliandika: «Tumefunga saa moja usiku, shilingi 12,000 haikuonekana mpaka saa kumi na mbili.» Huo ni wasiwasi wa kazi kweli, na daftari limeuona. Siku iliyofuata ukawa 2, kisha 1. Ulikuwa na sababu inayotajika na uliondoka pamoja na sababu yake. Ule wa tarehe 26 Machi, uliopewa 6, ulikuja siku ambayo ofisini hakukuwa na jambo lolote. Aliandika kwamba alirudi mara mbili kukagua kufuli la mlango wa nyumba, na kwamba alipopigiwa simu na shangazi yake hakupokea kwa kuhofia habari mbaya. Shangazi alikuwa anauliza bei ya mchele.

Mwezi wa pili ndio uliomaliza ubishi. Siku saba kabla ya hedhi ya Aprili ziliangukia tarehe 17 hadi 23, katikati ya mwezi, mbali kabisa na kufunga hesabu. Alama zilikuwa 2, 3, 4, 5, 5, 5, 4, wastani 4.0. Kuanzia 27 Aprili hadi 3 Mei, kipande chenye siku ya kufunga hesabu ndani yake, zilikuwa 1, 1, 2, 2, 1, 1, 1, wastani 1.3. Tofauti ni 2.7, yaani asilimia 54. Kazi ya mwisho wa mwezi ilisogeza alama kutoka 1 hadi 2. Siku za kabla ya hedhi zilizisogeza hadi 5.

Mwezi wa tatu ulikuwa na dosari, na inafaa kueleza ilivyogunduliwa. Nesi alipofungua ukurasa wa Mei aliona tarehe 13, 14, 15 na 16 zimejazwa 5 kwenye mistari yote sita, hata mstari wa huzuni ambao miezi miwili ulikuwa haujawahi kupita 2, na kwa wino mweusi wakati siku za kabla na baada ni za bluu.

«Dada, hizi nne umezijaza lini?»

«Tarehe 16 usiku, zote pamoja. Mtoto alikuwa na homa, nikasahau. Lakini nesi, siku zenyewe zilikuwa mbaya kweli.»

Huenda zilikuwa mbaya kweli. Hata hivyo alama za kukumbuka ndizo hasa daftari limekusudiwa kuziepuka, na homa ya mtoto peke yake inatosha kumpa mama wasiwasi. Siku hizo ziliwekewa mstari na mzunguko wa Mei haukuingizwa kwenye hesabu. Mtu akisahau, aache kimraba kitupu. Vimraba viwili vitupu ndani ya wiki moja si tatizo, unagawa kwa siku zilizopo. Vinne kati ya saba vinaua wiki nzima.

Mizunguko miwili safi ilitosha kusema kwamba wasiwasi huu unafuata hedhi. Je, ni dalili za kawaida za kabla ya hedhi, au lile tatizo kali la hisia ambalo ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, imelipa namba GA34.41? Mwongozo wa 2013 unataka dalili zisizopungua tano katika wiki ya mwisho kabla ya damu, angalau moja ikiwa ya hisia, zianze kupoa ndani ya siku chache baada ya damu kuanza, ziwe zimekwisha au zimebaki kidogo sana katika wiki inayofuata, na zivuruge maisha. Katika mistari sita ya daftari, mitano ilipanda miezi yote miwili: wasiwasi, kukasirika, usingizi, umakini na mwili. Huzuni haikupanda. Kazini alirudiwa na wateja wawili kwa makosa ya risiti, yote ndani ya siku hizo saba. Daktari alikubali kwamba vigezo vimetimia, kwa kuponea chupuchupu. Hilo halina ubaya: jina la ugonjwa linasaidia kuchagua tiba, halipimi mateso.

Daftari lingeweza kuonyesha sura nyingine. Iwapo alama zingekuwa 3 na 4 mwezi mzima, zikapanda hadi 6 kabla ya hedhi, huo ungekuwa ugonjwa wa wasiwasi uliopo siku zote na unaozidishwa na mzunguko. Tiba yake hulenga mwezi mzima, na kumpa mtu huyo dawa ya wiki mbili tu ni kumwacha nusu. Sura hii ni ya kawaida sana kliniki, na ndiyo inayopotea kirahisi kwa sababu mgonjwa huja akisimulia siku za 6 pekee. Na kwa anayetumia sindano ya miezi mitatu, hedhi mara nyingi huvurugika au hukatika na yai kwa kawaida halitoki, hivyo hakuna siku ya kwanza ya kuhesabia. Yeye hujaza alama vilevile kwa tarehe, akiandika siku aliyochomwa sindano.

Kuhusu zile diazepamu za jirani. Baada ya yai kutoka, mwili hubadilisha sehemu ya projesteroni kuwa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo hugusa vipokezi vya GABA, breki za ubongo. Kwa wengi hutuliza. Kwa wenye tatizo hili, mabadiliko ya kiwango chake yanaonekana kuleta wasiwasi badala ya utulivu. Diazepamu nayo hufanya kazi kupitia vipokezi hivyohivyo, ndiyo maana alijisikia nafuu usiku uleule. Lakini mwili huizoea, na anayeimeza kila mwezi anaweza kujikuta anaihitaji hata siku njema. Aliombwa asiitumie tena, na kama akiitumia aiandike.

Tiba iliyochaguliwa ni fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, miligramu 20, kidonge kimoja asubuhi, kwa nusu ya mwisho ya mzunguko tu. Kabla ya kuiandika daktari aliuliza mambo matatu: kama anatarajia mimba, kama anameza dawa nyingine, hasa tramado, na kama amewahi kuwa na vipindi vya furaha na nguvu kupita kiasi bila kulala. Majibu yangebadilisha uamuzi, kwa hiyo si dawa ya kununuliwa dirishani kwa kusoma kisa cha mwingine. Katika sonona dawa za kundi hili huchukua wiki kadhaa. Katika tatizo hili nafuu inaweza kuonekana ndani ya siku chache, na ndiyo maana kuimeza nusu ya mwezi kunawezekana.

Siku ya kuanza ilitoka kwenye daftari. Mzunguko wa siku 26 ukiondoa 14 unabaki 12, hivyo anaanza siku ya 12 na kuacha damu ikianza. Kwa hedhi iliyoanza 20 Mei, siku ya 12 ilikuwa 31 Mei. Siku tatu za mwanzo alikuwa na kichefuchefu, kikaisha alipoanza kumeza baada ya chai na mkate. Siku saba kabla ya hedhi ya Juni, tarehe 7 hadi 13, wasiwasi ulisomeka 2, 2, 3, 3, 2, 3, 2, wastani 2.4. Mzunguko mmoja hauthibitishi dawa, maana hata bila dawa miezi haifanani. Daktari anataka mitatu kabla ya kusema inafaa.

Mume wake aliomba aonyeshwe daftari. Akapewa tarehe tu, zile saba za kila mwezi, na ombi la kuchukua zamu ya usiku ya mtoto siku hizo. Alama zenyewe hakupewa, na nesi aliunga mkono. Daftari likianza kusomwa na mtu ambaye anaweza kusema «hasira zako ni za hedhi tu» katikati ya ugomvi, mwandishi wake huanza kuandika alama za kujilinda.

Jambo moja halisubiri mizunguko miwili. Mtu akiandika, au akisema, kwamba siku hizo anafikiria kufa au kujidhuru, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani. Dada huyu aliulizwa kila alipokuja, na kila mara jibu lilikuwa hapana.

Barua ya kuomba kurudishwa dirishani haikupelekwa. Kwa hesabu ya daftari, hedhi baada ya ile ya 14 Juni inatarajiwa karibu na 10 Julai, na inayofuata 5 Agosti. Maana yake siku saba za mwisho zitaanza 29 Julai, na kwa mara ya kwanza tangu Februari zitaangukia juu ya kufunga hesabu. Fluoksetini itaanza 21 Julai. Ameshakubaliana na mhasibu mwenzake kwamba tarehe 30 na 31 fedha taslimu zitahesabiwa na watu wawili, mara moja, na bunda likishafungwa utepe halifunguliwi.